Mkandarasi anataka kutwa moja ya kikosi kizima: nitaje ngapi?

Shikamooni wakubwa wa safu hii. Mimi ni fundi mwashi, naishi Mangamba, Mtwara mjini. Nina mafundi wanne ninaowalipa 25,000 kwa siku na vibarua sita wa 12,000, na mimi mwenyewe najenga pamoja nao. Kuna mkandarasi amepata kazi ya madarasa mawili na ofisi huko Tandahimba, anataka tuanze Novemba. Simenti, tofali na nondo ni vyake, chakula na malazi ni juu yake, zana nije nazo mimi. Hataki kulipa kwa tofali wala kwa jengo. Anataka kutwa moja ya kikosi kizima na ametaja 200,000. Nikitoa 172,000 ya watu inabaki 28,000. Wasiwasi wangu ni kwamba kazi iliyopita, kwa mkandarasi mwingine, bei ilikuwa hiyohiyo, na katika siku 24 tulizokuwa saiti tulifanya kazi 17 tu. Siku tatu simenti haikuwepo, mbili hapakuwa na maji, moja ilikuwa mvua, moja toroli zangu zote zilikuwa mbovu. Alilipa siku za kazi peke yake. Siku za kukaa niliwapa mafundi nusu kutwa na vibarua 5,000 kila mmoja ili wasinikimbie. Nilirudi nyumbani sina kitu, na mpaka leo sielewi hela ilipotelea wapi. Nitaje ngapi safari hii? Na siku za kukaa nizidai vipi bila kuonekana mkorofi?
Fundi wa Mangamba

Marahaba, fundi. Hela tumeitafuta kwa namba zako mwenyewe, na imeonekana ilikopita.

Siku 17 kwa 200,000 ulipokea 3,400,000. Siku hizo 17 uliwalipa watu 172,000 kila siku, jumla 2,924,000. Siku saba za kukaa ulitoa 50,000 za mafundi na 30,000 za vibarua, yaani 80,000 kwa siku, jumla 560,000. Ukizijumlisha unapata 3,484,000. Ulishatoa 84,000 zaidi ya ulichopokea, na hapo hatujagusa toroli wala jasho lako. Ile 28,000 uliyokuwa unaiona inabaki kila jioni haikuwa faida. Ilikuwa akiba ya siku za kukaa, nawe uliila bila kujua.

Kwa hiyo usianze na swali la mkandarasi, kwamba kutwa ni ngapi. Tafuta bei mbili: siku ya kazi inakugharimu kiasi gani, na siku ya kukaa inakugharimu kiasi gani. Ukishazijua, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Tuanze na wewe, kwa kuwa umejisahau kabisa. Unasema unajenga pamoja nao. Katika kikosi cha watu watatu hilo linawezekana. Katika watu kumi haliwezekani, na dalili zake unazijua: kibarua anaongeza maji kwenye mota ili mwiko uteleze, fundi mmoja anapandisha kona yake haraka bila kushusha timazi, wawili wamesimama wakisubiri toroli, na wewe uko juu ya jukwaa umeupa mgongo uwanja. Jioni ukuta umeota tumbo, na kesho kozi tatu zinabomolewa. Siku ya kubomoa hakuna anayeilipa isipokuwa wewe.

Usimamizi ni kazi, nayo ina mambo yake ya kufanya kila siku: kuvuta kamba na kupima kona kabla watu hawajaanza, kuhesabu ndoo za mchanga kwa kila mfuko ili kipimo kisibadilike mchana, kupita na timazi na pimamaji kila kozi mbili au tatu, kupokea vifaa vya mkandarasi na kuviandika, kupanga kazi ya kesho, na kujibu maswali ya injinia wa halmashauri anapofika. Jipangie kutwa yako. Kwa kuwa unawalipa mafundi 25,000, sisi tungekuandikia 35,000. Ukipata nafasi ya kushika mwiko saa mbili tatu, vizuri, lakini usijihesabu kama fundi wa tano unapomwambia mkandarasi watajenga tofali ngapi.

Zana nazo. Kosa la wengi ni kuona kwamba zana zikishanunuliwa zimekwisha lipwa. Zana huisha kwa kutumika, kwa hiyo gharama yake igawanye kwa siku za kazi. Tuchukue bei za mfano, wewe uweke zako. Toroli tatu za 120,000 ni 360,000, na kwa kazi ya kokoto na zege, tairi na bearing zikihesabiwa, zipe siku 120. Hiyo ni 3,000 kwa siku. Machepe sita ya 12,000 kwa siku 90 ni 800. Ndoo kumi na mbili za 5,000 hazifiki mbali: zipe siku 30, ni 2,000. Mwiko, timazi, pimamaji na futi za mafundi, tuseme 240,000 kwa siku 240, ni 1,000. Kamba, visu vya msumeno wa chuma na kuziba pancha, weka 1,200. Jumla 8,000 kwa siku. Si hela ya kutisha, lakini kwa siku 17 ni 136,000, ambayo ingetosha kununua toroli mpya kabla zile za zamani hazijakufa zote siku moja. Siku yako moja ya kukaa ilitokana na hapo.

Mkandarasi akisema "zana njoo nazo", muulize zana zipi. Hizo za mkono tulizotaja, sawa. Mashine ya kuchanganyia zege na mafuta yake, vibreta, mbao na mirunda ya jukwaa, simtenki la maji, turubai la kufunikia zege, hivyo ni vya saiti, na saiti ni yake. Mashine ikizima na watu wakalazimika kuchanganya kwa chepe, kutwa yako haipungui. Akitaka mashine uilete wewe, mpe bei ya kukodi peke yake, tena kwa kila siku iliyolala saiti, siyo siku ilizozungushwa tu, maana mwenye mashine anakudai hata Jumapili. Na siku ya kuwasili, zana zote ziandikwe, fomeni wake aweke saini, zilale kwenye stoo yenye mlinzi wake. Chepe likipotea usiku ndani ya stoo hiyo, si chepe lako tena.

Sasa jumlisha siku ya kazi: watu 172,000, usimamizi 35,000, zana 8,000. Ni 215,000. Umeshaona kwamba 200,000 yake iko chini ya gharama yako hata kama jua lingewaka siku zote na simenti isingekosekana hata mara moja.

Siku ya kukaa ni tofauti. Mafundi nusu kutwa 50,000, vibarua 30,000, na wewe 35,000 nzima, kwa sababu huwezi kwenda kufanya kazi ya mtu mwingine ukiwa umefungwa Tandahimba. Zana za mkono zikilala haziliki, hazihesabiwi. Jumla 115,000. Namba hii iweke kichwani kuliko zote.

Halafu swali la pili: siku ya kukaa ni ya nani? Hapa ndipo watu hugombana, kwa sababu huwa wanaziweka zote kapu moja na kuziita "siku za hasara". Zipange kwa chanzo. Zako saba zinajipanga zenyewe: simenti tatu na maji mbili ni za mkandarasi, mvua moja ni ya mbingu, toroli moja ni yako. Ya mkandarasi unamdai. Ya toroli humdai mtu, unaibeba kwenye bei. Ya mvua mnakubaliana kabla.

Kuhusu mvua, kusini hapa tunajua kalenda: zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili hivi. Kwa kazi ya Novemba hadi katikati ya Desemba, tungeweka siku mbili za mvua katika kila siku 24, na siku moja ya kosa lako. Zinabaki siku 21 za kumtoza. Siku hizo tatu zinakugharimu 115,000 mara tatu, yaani 345,000. Igawe kwa 21, unapata kama 16,500 ya kuongeza juu ya kila siku ya kazi. 215,000 inakuwa 231,500. Ongeza asilimia nane ya mambo yasiyotajwa, fundi kuugua, nauli ya kufuata mtu, simu, na hela yako inayokaa mkononi mwa mkandarasi wiki nzima. Inafika 250,000.

Na siku ya kukaa iliyosababishwa na mkandarasi, 115,000 pamoja na asilimia nane hiyohiyo ni kama 125,000. Umeona ilivyokaa vizuri? Ni nusu kamili. Kwa hiyo unachomwambia ni sentensi moja: siku ya kazi 250,000, siku ya kusubiri kwa sababu yako nusu yake, mvua mpaka siku mbili katika 24 iko ndani ya bei, ya tatu na kuendelea ni ya kusubiri. Ukishaweka mvua ndani ya bei, usije ukamdai tena siku hizo mbili. Mkandarasi mzoefu ataliona, na hapo ndipo utaonekana mkorofi kweli.

Jaribu bei hii kwenye kazi ile iliyokuumiza. Siku 17 kwa 250,000 ni 4,250,000, na siku tano za kusubiri kwa 125,000 ni 625,000. Unapokea 4,875,000. Unatoa 2,924,000 za watu siku za kazi, 560,000 za siku za kukaa, 136,000 za zana, na 840,000 za kwako kwa siku zote 24. Zinabaki 415,000. Kazi ni ileile, watu walewale.

Kazi ikivuka mwaka, Januari hesabu uirudie. Mvua zikiwa siku nne badala ya mbili, siku za kutoza zinabaki 19 na za kubeba zinakuwa tano. Ukifuata njia hiyohiyo, kutwa inafika kama 265,000. Sema mapema kwamba bei ya Novemba ina mwisho wake, na siku hizo nne uziandike ndani ya bei mpya.

Kuna mpaka mmoja wa mvua ambao usipouandika utakutesa. Mvua ikinyesha saiti, ni mvua. Mvua ikikata barabara na lori la simenti likalala njiani huku kwenu jua linawaka, hiyo ni ya nani? Mkandarasi atasema ni mvua. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika upande wa Kilwa, na lori la nondo au bati kutoka Dar lisingeweza kupita. Usingoje kuanza kubishana maneno hayo ukiwa umeshafika saiti. Andikeni kabla: kinachotoka juu ya saiti ni mvua, kinachotoka nje ya uzio wa saiti, iwe barabara, lori au boza la maji, ni cha mkandarasi.

Maji tunayataja kwa makusudi. Tandahimba iko kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na huko maji si ya kufungulia tu bomba. Mfuko mmoja wa kilo 50 unakula karibu lita 25 kwa zege, kutegemea na unyevu wa mchanga, kwa hiyo siku ya mifuko ishirini ni lita 500 za kuchanganya tu. Bado kulowesha tofali, kuosha mashine na zana, na kumwagilia zege kwa angalau siku saba. Mwambie mkandarasi simtenki la lita 5,000 litangulie kikosi. Akikuambia maji yatapatikana mkifika, ujue siku mbili za kusubiri zimeshazaliwa. Kila jioni kabla hujaondoka pima vitu vinne: simenti, mchanga, tofali na maji. Kimoja kikiwa chini ya kazi ya siku mbili, mpelekee ujumbe usiku huohuo, usingoje kiishe.

Siku ya kusubiri nayo lazima iwe na saa zake, la sivyo kila asubuhi mtakuwa mahakamani. Panga kutwa kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, saa moja ya chakula katikati. Hizo ni saa saba na nusu za kazi, na kwa siku sita zinafika 45, ambazo ndizo saa za kawaida za wiki kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ukiwa na saa zako kamili, utaratibu unakuwa hivi. Mkandarasi akikutaarifu kabla ya saa 12 jioni kwamba kesho hakuna kazi, vibarua wa palepale Tandahimba unawaambia wasije, na unamdai mafundi na wewe tu: 50,000 na 35,000, ukiweka asilimia yako ni kama 92,000. Asipotaarifu na watu wakafika, ni 125,000. Kazi ikianza na kukatika kabla ya chakula, nusu ya kwanza ni kazi, 125,000, na nusu ya pili ni kusubiri, 62,500, jumla 187,500. Ikikatika baada ya chakula, ni siku nzima. Si kila mkandarasi atapenda, lakini wengi wataanza kupiga simu jioni, na hiyo peke yake inaokoa pande zote mbili.

Saa za ziada utazikuta siku ya jamvi au ya mkanda, maana zege haliachwi nusu. Sheria inasema mara moja na nusu. Kwa saa 7.5, saa ya fundi ni kama 3,333, ya ziada 5,000. Ya kibarua ni 1,600, ya ziada 2,400. Kikosi kizima pamoja nawe ni kama 41,400 kwa kila saa inayozidi. Mtajie kabla ya siku ya zege. Ukimtajia baada, ataona umebuni.

Siku ya kukaa si lazima watu wakae chini ya mkorosho. Kukata na kukunja ringi, kuchekecha mchanga, kung'oa misumari kwenye mbao za jukwaa, kupanga tofali karibu na ukuta wa kesho: pendekeza wewe. Lakini mkandarasi akikubali kikosi kizima kifanye hivyo, siku hiyo ni ya kazi, 250,000, si nusu. Akitaka mafundi wawili na vibarua wawili tu, mlipishe nusu kutwa ya kusubiri kisha uongeze nyongeza ya hao wanne: fundi mwingine 12,500 na kibarua 7,000 kila mmoja, jumla 39,000.

Kuna jambo la usimamizi upande wa mkandarasi. Atamweka fomeni wake, na fomeni ataita vibarua wako wawili washushe lori. Kwa kutwa, hela yako haipungui, kwa hiyo utanyamaza. Usinyamaze. Mafundi wanne wakikosa wasaidizi wawili, tofali zinapungua, na Jumamosi mkandarasi atauliza kwa nini ukuta haujafika lenta. Makubaliano yawe kwamba amri zote zinapitia kwako, na kushusha lori kunaandikwa kwenye daftari pamoja na saa zake. Kuna saiti ambako kushusha hulipwa peke yake. Ulizia kabla lori halijaingia.

Kubomoa nako kupangwe. Kosa la mkono wenu, mnarudia bila malipo, na hapo msibishane. Kosa la mchoro, au la vipimo alivyotoa fomeni, ni siku ya kazi kamili. Ili ijulikane ni la nani, fomeni apime na kusaini kabla ya kila hatua isiyorudi nyuma. Kwenye msingi, pimeni kona kwa kona: chumba cha mita 8 kwa 6 lazima kitoe mita 10 pande zote mbili. Ikitoka 10 upande mmoja na 10.05 upande wa pili, chumba kimelala, na kosa hilo utaliona tena kwenye kenchi wakati huwezi kulirekebisha. Kabla ya kumwaga mkanda, piga picha ya nondo ikionyesha nafasi za ringi na vikalio chini yake.

Yote haya yatasimama au kuanguka kwenye daftari. Nunua lile la nakala lenye kaboni. Kila jioni mstari mmoja, saini ya fomeni, karatasi moja kwake, moja kwako. Uandike namna hii:

"Jumanne. Mafundi 4, vibarua 6. Kazi 1:30 hadi 5:00, ukuta wa nyuma kozi ya 4 hadi ya 6. Simenti imeisha 5:00. Mkandarasi amejulishwa kwa simu 5:05. Kusubiri hadi 10:00."

Pembeni weka herufi moja: K ya kazi, M ya mkandarasi, V ya mvua, S ya sisi wenyewe. Siku ambayo toroli zimekufa, iandike S bila kujificha. Mkandarasi akiona unajiandikia S, ataamini M zako. Fomeni akikataa kusaini, usigombane naye. Piga picha ukurasa, mtumie mkandarasi kwenye simu jioni hiyohiyo ukiandika saa. Karatasi iliyoandikwa Jumamosi kwa kukumbuka wiki nzima haina nguvu.

Malipo yawe kila Jumamosi kwa kujumlisha herufi hizo. Omba kianzio cha wiki moja, 1,500,000, kikatwe polepole wiki za mwisho. Kazi za halmashauri zina neno lake, "hela haijaingia", na mara nyingi ni kweli. Lakini wiki moja ya watu wako ni 1,032,000 ambazo unazitoa mfukoni, kwa hiyo weka kikomo: siku sita zikipita bila malipo, kikosi kinasimama na siku zinaandikwa M. Muulize pia mapema kama atakata kodi ya zuio, na mpe orodha ya majina ya watu wote kumi na moja, ili wawemo katika mahesabu yake ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mtu akianguka jukwaani na jina lake halipo popote, familia yake itakuja kwako.

Novemba kuna korosho. Mtakapofika mtakuta minnada inaendelea na vijana wa palepale wanaokota mashambani. Kibarua wa 12,000 anaweza kukuambia 15,000, na usipompa anaondoka. Andika kwamba bei ya kibarua ikipanda kwa 3,000, kutwa ya kikosi inapanda kwa 18,000. Vilevile mtu asipokuja kazini, mkandarasi akate kutwa ya mtu huyo tu, 25,000 au 12,000. Usimamizi wako na zana hazipungui kwa sababu kibarua mmoja amekwenda mnadani.

Atakataa 250,000 mara ya kwanza, hilo tarajia. Punguza kwa kupunguza kitu, siyo kwa kupunguza namba. Akileta toroli, machepe na ndoo zake, mtolee 6,000. Akikubali kulipa siku zote za mvua kwa bei ya kusubiri, mtolee 11,000. Kifungu cha siku za kusubiri usikitoe kwa bei yoyote, kwa sababu simenti na maji havipo mikononi mwako. Akishikilia 200,000 yake, usiondoke kwa hasira. Mwambie 200,000 inanunua kikosi gani: mafundi watatu, vibarua wanne na wewe. Watu ni 123,000, usimamizi 35,000, zana 8,000, jumla 166,000. Siku ya kukaa ya kikosi hicho ni 92,500. Ukipitisha hesabu ileile ya mvua na asilimia nane, inatoka kama 194,000, na siku ya kusubiri 100,000. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, na huo muda ni wake kuuchagua.

Mkandarasi mwenye akili atageuza kutwa kuwa tofali. Kwenye ukuta mnyoofu usio na madirisha, fundi anayeletewa kila kitu hujenga kati ya tofali 100 na 120 za inchi sita kwa siku. Kwenye kona, kwenye miimo ya milango na ukishapanda jukwaani zinapungua. Mafundi wako wanne ni 400 hivi. Usimwahidi hiyo 400 kama deni. Siku tatu za kwanza za ukuta hesabuni pamoja na fomeni, muandike, na namba hiyo ndiyo itakayotumika kuulizana.